Kikombe cha shahidi

Juma hili tunarudi kwenye masomo ya watoto wetu wa sayansi, wale wanaojitayarisha kwa mtihani wa diploma, Egzeta. Mtihani huo huuliza maswali ya kuchagua jibu, kwa hiyo watoto wengi hawajazoea kupanga jaribio wenyewe kwa maandishi. Ndiyo sababu tulianza kuwazoeza pia kwa karatasi za zamani za Kenya, za mtihani wa KCSE. Huko karatasi ya tatu ya Biolojia ni ya kazi ya mikono. Mtoto anayejua kupanga jaribio hababaishwi na swali linaloeleza jaribio la mtu mwingine.

Jumapili iliyopita tulikaa barazani na watoto, tukawapa swali moja la namna hiyo: mwanafunzi anadhani mate yanavunja wanga upesi zaidi kwenye joto la mwili kuliko kwenye maji baridi, panga jaribio la kuhakikisha. Binti mmoja wa mwaka wa sita aliandika haraka: "Nitatia mate kwenye maji ya wanga, nitaweka kwenye maji ya moto, nitaona wanga umekwisha." Akaturudishia daftari akidhani amemaliza.

Mama yake hasomi Kifaransa wala hakusoma biolojia. Alimwuliza tu: "Na utajuaje kama si maji ya moto yenyewe yaliyoumaliza huo wanga?" Binti akanyamaza. Swali hilo la mama ndilo moyo wa kazi yote.

Tukamwomba aanze upya, kwa kujibu maswali manne kabla ya kuandika mpango.

La kwanza: unageuza nini? Hapa ni joto peke yake. Maji ya mtungini, maji ya vuguvugu, na maji yanayotoa mvuke.

La pili: unapima nini? "Nitaona wanga umekwisha" si kipimo. Kipimo ni dakika. Kila dakika moja, tone la mchanganyiko linawekwa kwenye sahani nyeupe pamoja na tone la iyodi ya farmasi iliyoongezwa maji. Wanga ukiwepo, rangi inakuwa buluu inayokaribia nyeusi. Ukiisha, iyodi inabaki na rangi yake ya kahawia. Tunaandika ni dakika ya ngapi ile buluu haikutokea tena.

La tatu: unaacha nini sawasawa? Wamama wa soko wanalijua hili. Ukitaka kulinganisha mchele wa wauzaji wawili, unapima kwa kopo lile lile. Hapa kiasi cha maji ya wanga ni kimoja kwenye kila kikombe, mate ni kijiko kimoja cha mtu yule yule, na wanga umetoka chungu kimoja: nusu kijiko cha chai cha unga wa muhogo, ukapikwa katika kikombe kikubwa cha maji, ukaachwa upoe, ukachujwa.

La nne: shahidi wako ni nani? Kifaransa cha shule kinaita hivyo kile kikombe cha kulinganishia, shahidi. Watoto wengi hukichanganya na vile vitu vinavyoachwa sawasawa, na hapo wanapoteza pointi. Shahidi ni kikombe kizima kinachopita mambo yote kama wenzake, ila kimekosa kile kitu tunachodhani kinafanya kazi. Hapa kinatiwa kijiko cha maji mahali pa mate. Na kila joto linahitaji shahidi wake, kwa maana swali la mama lilikuwa juu ya maji ya moto.

Basi vikawa vikombe sita: vitatu vyenye mate, vitatu vya mashahidi. Binti alitumia mate yake mwenyewe baada ya kusukutua mdomo, wengine hawakugusa vikombe vile, na vyote vilichemshwa mwishoni.

Kikombe cha vuguvugu kilipoteza buluu kwanza, kama tulivyotazamia. Kile cha mtungini kilichelewa. Lakini kwa kile cha maji ya mvuke, binti alichoka na matone, akatia iyodi moja kwa moja ndani ya kikombe. Hakuna buluu! Akafurahi: "Moto mkali ndio unaovunja wanga upesi kabisa." Mama akamwambia, "Muulize shahidi." Akatia iyodi kwenye shahidi wa moto, ambao haukuwa na mate hata kidogo. Nao haukuonyesha buluu.

Sasa kama wanga umeisha pasipo mate, nani ameumaliza? Tuliviacha vikombe vyote viwili vipoe. Kidogo kidogo buluu ikatokea katika vyote viwili. Wanga ulikuwamo muda wote. Iyodi na wanga hushikana na kutoa ile rangi vikiwa baridi. Joto kali huviachanisha, na vikipoa hushikana tena. Kwa hiyo tone linapaswa kupoa juu ya sahani kabla ya kutiwa iyodi. Na kikombe chenye mate kilibaki na wanga kwa sababu moto mkali huharibu kile kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga. Bila shahidi, binti angeandika jibu lililo kinyume kabisa na ukweli.

Baada ya hapo kuandika sababu za makosa kulikuwa rahisi. Watoto hupenda kuandika "nilikosea kuhesabu" au "vifaa vibaya". Hayo hayatoshi. Sababu ya kosa inaandikwa kwa sehemu tatu: ni kitu gani, kinasukuma jibu upande gani, na kingepunguzwaje. Binti aliandika hivi: "Maji ya vuguvugu yalipoa kadiri dakika zilivyopita, kwa hiyo mate yalifanya kazi polepole zaidi na dakika nilizopata ni nyingi mno, ningeongeza maji ya moto kidogo kidogo kwenye beseni na kupima joto kila mara." Tuliongeza moja letu: maji ya mtungi hapa Nyangwe si baridi hasa, kwa hiyo tofauti yake na vuguvugu inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Penye barafu tofauti ingeonekana wazi zaidi.

Na kama mtoto wako atafanya nyumbani akaona buluu imepotea tangu dakika ya kwanza kwenye vuguvugu na kwenye mtungi, asiandike kwamba joto halina kazi. Mate yake ni makali mno kwa kipimo cha dakika. Ayaongeze maji, kwa kiasi kile kile kila kikombe, aanze tena.

Mama asiyesoma Kifaransa anaweza kusimamia zoezi hili lote. Chukua karatasi ya zamani, mwambie mtoto akueleze swali kwa Kiswahili, kisha umwulize: umegeuza nini, unapima nini, umeacha nini sawasawa, shahidi wako ni nani? Akishindwa moja, asianze kuandika bado.

Jumapili ijayo tutachukua swali la maharagwe yanayoota gizani na kwenye mwanga. Kila mtoto aje na maharagwe kumi ya fungu moja, na aje ameshafikiri kwa nini tunasema kumi, wala si moja.