Video arobaini, sura moja

Wenzetu, hapa kambini kuna maneno kwamba YouTube imekataza video za akili bandia. Siyo kweli. Tangu Julai 15, 2025, kanuni yao ya zamani kuhusu maudhui ya kujirudia inaitwa kanuni ya maudhui yasiyo halisi. Inagusa video zinazotengenezwa kwa wingi kwa mtindo mmoja, hata kama umezitengeneza kwa mkono.

Kijana mmoja wa kwetu alikuwa anatoa hadithi za wanyama, kama arobaini kwa mwezi. Sauti ile ile ya mashine, mwanzo ule ule, anatoa sungura anaweka fisi. Akafikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, akaomba kulipwa, akakataliwa. Na bando lote lile! Alidhani zile namba ndizo mlango, kumbe ni foleni tu. Ukishazifikisha, wakaguzi wanaangalia chaneli kwa ujumla: mada yake kuu, video zilizotazamwa sana, zile mpya, vichwa na maelezo. Ndiyo maana kufuta mbili tatu hakusaidii.

Sisi hatuoni kwamba ameonewa. Tuliangalia video yake ya tatu na ya kumi, tukashindwa kuzitofautisha.

Sasa anangoja siku 30 ndipo aombe tena. Picha za mashine amezibakiza, ila hadithi ni za bibi yake, na anasimulia mwenyewe kwa sauti yake, akieleza bibi alizitumia kumkanya nini.