Muvi Inaisha na Mchawi Ameungama. Na Shamba Je?

Wasee, wacha niwaambie muvi moja na mniambie kama hamjaiona.

Jamaa wa mjini anakufa ghafla. Anaacha mke, watoto watatu, na shamba la ekari moja na nusu lenye majani chai na migomba. Matanga hayajaisha, mama mkwe anaanza kumwangalia mjane kwa jicho baya. Shemeji anataka shamba. Usiku mama mkwe anaonekana kwa mganga, kitambaa chekundu, moshi, kibuyu. Mtoto anaugua. Mjane anafukuzwa, nguo zake zinatupwa nje kwa mvua. Halafu anakuja mchungaji, anaomba, radi inapiga, mama mkwe anaanguka chini akipiga kelele: "Ni mimi! Nilimuua mwanangu!" Maandishi yanapita: Mungu hulipa hapa hapa duniani. Mwisho.

Inaweza kuwa ya Naijeria, ya Bongo, ama ile imeshutiwa boma fulani hapa Nyamira na watu wanaongea Ekegusii. Mtindo ni wa kitambo. Living in Bondage ya Naijeria, ile ya 1992, ilikuwa na jamaa anayemtoa mkewe kafara ndio apate pesa, mzimu wa mke unamwandama, mwishowe anaokolewa kanisani. Bongo nao walikuwa na Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000. Mimi nimekulia Ikonge nikitazama hizi vitu, na bado natazama. Sijakuja kuwaambia mzime simu. Nataka tuongee kuhusu sini moja tu, ile ya kuungama.

Kwanza, elewa kwa nini haikosi. Ukiwa na kamera moja, boma moja umeomba kwa mjomba, waigizaji sita na siku nne za kushuti, hauwezi kuonyesha uchunguzi. Polisi wanataka sare na gari. Korti inataka jengo, hakimu, mawakili, watu wa kukaa nyuma. Lakini mwanamke mzee akianguka kwa nyasi na kusema kila kitu, stori imeisha bila gharama. Mtazamaji hana swali, kwa sababu ameona kwa macho yake kibuyu na moshi. Kwa muvi, mshukiwa huwa na hatia kila mara.

Sasa toka kwa skrini. Nje hakuna kamera iliyomfuata mtu kwa mganga usiku. Kuna kifo, kuna uchungu, na kuna kijiji ambacho tayari kinajua mwisho wa stori unafaa kukaa vipi. Kinachokosekana ni mtu wa kuungama tu, na hakuna anayeungama mpaka apigwe.

Hapa kwetu Gusii hiyo si mfano wa kubuni. Mei 2008, kule Kisii, kundi la vijana lilienda nyumba kwa nyumba na kuwachoma watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wazee kabisa. Wanakijiji waliwaambia waandishi wa habari kwamba ushahidi ni kitabu cha mazoezi kilichookotwa shuleni, eti ndani kuna kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Fikiria hapo kidogo. Wachawi wanaandika minitsi kwa kitabu cha shule? Ukiiona kwa muvi utacheka. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee wakauawa na kuchomwa kwa madai hayo hayo ya uchawi.

Sisemi muvi ndiyo iliwasha kiberiti. Watu waliogopa omorogi hata kabla ya stima kufika. Ninachosema ni kwamba muvi inarudia mafunzo mawili tu, na yote mawili yanamwacha mtu wa kawaida pabaya. La kwanza, kifo lazima kina mwenyewe, na mwenyewe huwa mama mzee. La pili, aliyedhulumiwa avumilie, Mungu atalipa.

Turudi kwa yule mjane, tusimamishe muvi pale nguo zinatupwa nje. Bwanake hakuacha wosia. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, mke aliyebaki na watoto ana haki ya kulitumia shamba hilo maisha yake yote, halafu linagawiwa watoto sawa, wasichana na wavulana. Shemeji anayeingia kuchuma majani chai ama kuuza kipande kabla korti haijamteua msimamizi wa mali anatenda kosa la jinai. Inaitwa kuingilia mali ya marehemu, kifungu cha 45. Faini ni hadi shilingi 10,000, ama kifungo hadi mwaka mmoja, ama zote mbili.

Mjane huanza na cheti cha kifo. Anaenda kwa chifu kuchukua barua inayotaja wote walioachwa na marehemu. Anapeleka ombi kortini, tangazo linatoka kwa gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Akiteuliwa msimamizi, kwa kawaida anangoja miezi sita ndio korti ithibitishe ugawaji. Hakuna radi, na inachosha. Lakini hiyo barua ya chifu ndiyo kitu cha kukagua kwa macho yako, kwa sababu jina la mtoto mmoja likiachwa nje hapo, vita vya miaka kumi vimeanza.

Na kuna mahali inakwama kweli. Mashamba mengi huku bado yako kwa jina la babu. Basi huwezi kuanza na marehemu, unaanza na babu, na hapo baba wakubwa, baba wadogo na mashangazi walioolewa wote wana haki ya kusikizwa. Ekari tatu za babu zikigawanywa kwa watoto saba, kila mtu anabaki na kiraka. Ugomvi wetu mwingi unatoka hapo. Ukiona mama mzee ameanza kuitwa mchawi, uliza kwanza shamba lake limepakana na nani na nani atalichukua akiondoka.

Tena kumwita mtu mchawi hadharani ni kosa kwa sheria yetu ya uchawi, ile ya 1925. Inakuruhusu kupeleka madai kwa polisi ama chifu. Haikuruhusu kuyatangaza sokoni ama kwa komenti.

Nikubali kitu kimoja. Muvi hizi ni kati ya mahali pachache mjane wa kijijini anasikia kwa lugha yake kwamba kufukuzwa kwake ni makosa. Shosho yangu hulia hapo kila mara. Lakini juzi mvulana wa jirani, wa miaka tisa hivi, alimwona akiokota kuni jioni na kitambaa chekundu kichwani, akamwita kwa jina la mchawi wa muvi. Wenzake wakacheka. Shosho pia akacheka. Kesho yake alitoka bila kile kitambaa, na kuni siku hizi anaokota saa sita mchana.

Kwa hivyo nyinyi mnaoshuti, na najua wengine mnasoma hapa: sehemu ya 2 iandikeni mama mkwe akiwa hana hatia. Mfanye mtazamaji amchukie kwa saa nzima, halafu ajue alikosea. Korti hamhitaji. Mnahitaji meza, chifu mmoja na barua yenye jina lililofutwa.