Nauli Iliyotumwa Bila Kuombwa

Mikumi ni mji wa barabara kuu. Malori yaendayo Tunduma na yarudiyo Dar es Salaam hupumzika pale, madereva hula, na siku hizi wengi wao hulipia chakula kwa simu. Katika malipo hayo ya sahani moja ya wali, namba ya binti anayehudumu hubaki katika simu ya mteja pamoja na jina lake kamili, kama lilivyo katika usajili wa laini. Hakuna aliyemwomba namba, wala yeye hakumpa mtu. Amelipwa tu.

Nitaeleza mkasa mmoja. Nimeuunganisha kutokana na mengi niliyosimuliwa, kwa hiyo asitafutwe mtu ndani yake. Binti wa Kilosa alikuwa akihudumu katika mgahawa mmoja wa Mikumi. Usiku mmoja ikaingia vocha ya shilingi 1,000, na nyuma yake ujumbe: "Ya kukutakia usiku mwema, mrembo." Alijibu kama alivyofunzwa kwao: "Asante kaka." Juma lililofuata zikaja shilingi 10,000: "Na ya kutolea nimeweka, usikatwe." Wakati huo alikwisha kurudi Kilosa kumuuguza mama yake, na fedha ile ikaishia duka la dawa. Akashukuru tena. Kisha zikaingia 20,000: "Nauli hiyo. Kesho nalala Mikumi, njoo nikuone."

Hakwenda. Siku ya tatu akapokea hesabu: "Umekula hela zangu elfu thelathini na moja. Uje au urudishe."

Ndugu msomaji, iangalie jumla hiyo. Ile shilingi elfu moja ya usiku mwema nayo imo. Kumbe haikuwa salamu. Ilikuwa mstari wa kwanza katika daftari la deni ambalo mdaiwa hakuonyeshwa.

Sisemi kwamba kila vocha ni mtego. Vocha yenye neno la utani imechukua nafasi ya barua iliyotiwa manukato, na mtu anayekumbuka kuongeza ya kutolea ameonyesha upole ambao mashairi mengi hayaufikii. Wapo wapenzi wengi, Kilosa na kwingineko, waliojuana kwa bando la usiku na leo wana watoto shuleni. Ninachouliza ni kitu gani kinachobadilika kati ya ujumbe wa kwanza na wa tatu, na kwa nini simu hukifanya kiwe rahisi kubadilika.

Zamani zawadi ya uchumba ilikuwa na mlango. Mshenga alifika, akaketi, akataja aliyemtuma na nia yake, ndipo akatoa alichobeba. Familia ingeweza kukirudisha kikiwa bado kimefungwa, na aibu iliyokuwapo ilimwendea mshenga, ambaye kazi yake ilikuwa kuibeba. Hata kijana aliyekutana na msichana kisimani akiwa na kanga mkononi alilazimika kungoja mkono wa pili unyooshwe. Kupokea kulikuwa tendo la mpokeaji.

Simu imeliondoa tendo hilo. Ujumbe wa kampuni hufika ukisema "umepokea", ilhali mwenyewe bado yuko jikoni na mikono ina unga. Hakuna kitufe cha kukubali, wala cha kukataa. Fedha imekwisha kuchanganyika na salio lake. Akitaka kuirudisha, itambidi aitume upya na kulipa makato kutoka mfukoni mwake, yaani kukataa kuna bei na bei hiyo hulipwa na asiyeomba kitu. Vocha ni ngumu zaidi: hairudi kwa urahisi ilikotoka, na ikiwa imekuja kama bando, itaisha muda wake kwa saa alizopangiwa, itumike isitumike. Mtumaji, kwa upande wake, amebakiwa na kumbukumbu yenye tarehe, kiasi na jina. Kwa hiyo mmoja anajiona ana ushahidi, na mwingine hana hata nafasi aliyopewa ya kusema hapana.

Katika mkasa wetu, shinikizo halikuanza kwenye matusi. Lilianza kwenye neno "kesho". Ujumbe wa kwanza na wa pili haukumtaka afanye lolote. Wa tatu ulitaja mahali, siku na kitanda, na fedha ikatangulia jibu. Nauli ya gari la Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya (ile ya wilayani kwetu, si ya ng'ambo) haifiki hata karibu na 20,000. Iliyozidi ilikuwa uzito wa kumfanya aone haya kukataa.

Wanaume watanikumbusha habari ya "kula nauli", na wana haki. Yupo anayesema "nitumie nauli nije", akaipokea, akazima simu. Yupo anayewapiga mizinga watu watano kwa shida ileile moja. Huo ni udanganyifu na sina haja ya kuupamba. Lakini aliyeomba nauli kwa ahadi na aliyetumiwa bila kuomba si watu wawili wa kosa moja. Na hata huyo wa kwanza, anachoweza kudaiwa ni fedha. Mwili wake haukuwekwa rehani.

Sheria nayo haimsaidii sana dereva wetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 71, inaruhusu mtu kudai mahakamani zawadi aliyotoa kwa matarajio ya ndoa ambayo haikufungwa, mradi mahakama iridhike kwamba alikusudia zawadi hiyo itegemee kufungwa kwa ndoa. Vocha ya usiku mwema haitegemei ndoa, na mwaliko wa kulala Mikumi siku moja hautegemei kabisa. Kwa upande wa pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha au kumsumbua. Anayeandika "uje au urudishe" mara kumi kwa usiku mmoja amelikaribia kosa hilo kuliko anavyodhani, na kila ujumbe umehifadhiwa katika simu ya mlalamikaji. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndilo mahali pa kuupeleka.

Mtumaji akiwa na mamlaka juu ya mpokeaji, basi hata neno "zawadi" silikubali. Msimamizi anayemtumia bando binti aliye katika mafunzo kwa vitendo, kisha akataja fomu ya tathmini, hachumbii. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kiliandikwa kwa ajili yake. Nasi wahadhiri tusijifanye kwamba kiliandikwa kwa ajili ya ofisi za wenzetu tu.

Turudi kwa binti. Mwenye mgahawa, mama mtu mzima, alimshauri arudishe nauli siku ileile, asiongeze kicheko wala alama ya moyo, na asifute kitu. Tangu hapo mama huyo akabandika Lipa Namba ukutani ili wateja wasilipe tena katika namba za wasichana wake. Binti akatuma 20,000, makato akalipa mwenyewe, akaandika: "Kaka, nauli yako hiyo, sikuiomba. Ile ya kwanza uliniambia ni zawadi, nilishukuru na bado nashukuru. Usinitumie tena."

Jibu lilichelewa hadi jioni. "Sawa dada. Sikuwa na nia mbaya."

Alikuwa amerudi kuwa dada.