Siku ya tatu ya kwetu si siku ya tatu ya Maskati

Leo ninatoa maoni juu ya karatasi moja ya kilio. Ilibandikwa siku ya posho asubuhi kwenye mlango wa nyumba ya kupanga hapa Kalemie, kwa familia ya wahami waliotoka upande wa Uvira. Mama wa familia alikuwa amefariki usiku. Karatasi iliandikwa kwa mkono, kwa kalamu nene, maneno machache: familia inajulisha jamaa na marafiki kifo cha mama, maiti iko morgi, mazishi siku ya tatu saa nane, kilio kiko nyumbani. Kila jirani wa kartie alielewa bila kuuliza neno.

Mtoto wake wa kwanza ni mlinzi wa bohari huko Maskati, Oman. Yeye hakuhitaji mtu wa kumtafsiria, Kiswahili ni chake. Aliyehitaji ni mkubwa wake wa kazi, anayesoma Kiarabu tu. Kijana alikuwa anaomba vitu viwili: ruhusa ya siku moja ili afuatilie mazishi ya mama yake kwa telefone, na avansi ya mshahara ili familia ilipe sanduku na deni la morgi. Mkubwa alitaka kuona karatasi. Basi mdogo wake huku nyumbani akapiga tangazo picha, akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri ya telefone, Kiarabu kikatokea, akatuma vyote viwili, picha na tafsiri.

Kijana alipeleka telefone kwa mkubwa wake siku ya kwanza jioni, alipomaliza zamu. Mkubwa alisoma, akampa pole, kisha akamwambia kwamba mama amekwisha kuzikwa, sasa pesa ya sanduku ni ya nini? Kijana alijaribu kusema kwa Kiarabu chake kidogo kwamba mazishi ni siku ya Al-Arbiaa, yaani merkredi. Lakini karatasi haikusema Al-Arbiaa. Karatasi yake mwenyewe ndiyo ilimfanya aonekane mwongo.

Mkubwa yule hakuwa mtu mbaya. Kwenye skrini, "siku ya tatu" ilikuwa imegeuka kuwa "al-yaum al-thalith", yaani siku ambayo ni ya tatu katika hesabu. Mwislamu wa Oman akiona kifo na siku ya tatu pamoja, anajua anachokisoma: maiti huzikwa siku ile ile au kesho yake, na pole hupokelewa siku tatu. Alihesabu posho, yenga, siku ya kwanza. Siku ya tatu ilikuwa leo, na leo ilikuwa inaisha. Hata hivyo hakuharakisha kukataa. Alimwita mfanyakazi mwingine, Mwomani ambaye ukoo wake uliishi Zanzibar na anayesema Kiswahili vizuri, akamwonyesha picha yenyewe. Yule naye akasoma "siku ya tatu" akasema: Jumatatu, ni leo. Mashine na mtu wakapatana, na wote wawili walikosea.

Hapo ndipo penye shida, na ninaomba tuitazame polepole. Kwetu Kivu na Tanganyika tunahesabu juma kuanzia siku ya kazi ya kwanza. Lundi ni siku ya kwanza, mardi ni ya pili, merkredi ni ya tatu, jedi ya ine, vandredi ya tano. Baadaye inakuja siku ya posho, jina linalotukumbusha wakati wafanyakazi walipokuwa wanapewa chakula cha juma, halafu siku ya Mungu. Watu wa pwani wanahesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa ya sala: Jumamosi ndiyo ya kwanza, Jumapili ya pili, kwa hiyo Jumatatu yao inaangukia lundi. Waarabu nao wanaanza na yenga: Al-Ahad ni ya kwanza, Al-Ithnain ya pili, Al-Thulathaa ya tatu, ambayo ni mardi.

Kwa hiyo neno moja, tatu, ni lundi Zanzibar, mardi Maskati na merkredi Kalemie. Tano ni vilevile: Jumatano ya pwani ni merkredi, Al-Khamis ya Waarabu ni jedi, na siku yetu ya tano ni vandredi. Programu ya telefone haijui karatasi imebandikwa kwenye mlango wa nani. Inaona maneno tu, na Kiswahili ilichojifunza zaidi ni kile cha vitabu na magazeti ya Tanzania na Kenya.

Saa ilileta fujo lake. "Saa nane" ilitoka kwa Kiarabu kuwa saa 8, kwa sababu mashine iligeuza nambari na kuacha desturi yetu ya kuanza kuhesabu saa pale jua linapochomoza. Kwetu saa nane ya mchana ni saa 14:00, na wakati ule Maskati ni saa 16:00, maana wako mbele yetu kwa saa mbili. Mtu anayetaka kusikiliza mazishi ya mama yake kwa telefone hawezi kuachiwa abahatishe kati ya 8 na 16.

Familia ilipopata habari usiku ule, walifanya kitu ambacho wengi wangefanya: walichukua Kiarabu kile wakakirudisha kwa Kiswahili ili kukagua. Kikarudi "mazishi siku ya tatu saa nane". Wakaona ni sawa, wakadhani mkubwa wa kazi anatafuta tu sababu ya kunyima pesa. Hiyo njia ya kukagua inadanganya. Nambari iliyoingia vibaya inarudi ikiwa na sura nzuri, kwa sababu tatu inabaki tatu na nane inabaki nane. Ukitaka kuona kosa, geuza Kiarabu kwa Kifaransa. Kama ungetegemea kusoma merkredi na kumbe Kifaransa kinasema siku ya tatu tu, au kama ungetegemea saa 14 na kumbe kinasema saa 8, unajua palipoharibika. Karibu kila nyumba ina mtoto aliyefika sekondari ambaye anaweza kusoma hayo maneno mawili.

Mdogo wake yule mlinzi alifanya hivyo siku ya pili asubuhi, alipoonyeshwa na mwalimu mmoja jirani. Waliandika upya. Hawakupiga picha tena. Waliandika maneno yenyewe ndani ya telefone, maana maandishi ya mkono kwenye karatasi yenye mikunjo yanasomwa vibaya na kamera, na herufi moja ikipotea neno zima linakuwa lingine. Mahali pa "siku ya tatu saa nane" waliweka tarehe, mwezi kwa jina lake, mwaka, na saa kwa nambari za ishirini na ine. Avansi ilitoka siku ile ile mchana. Sanduku lilinunuliwa jioni, mazishi yakafanyika merkredi kama yalivyopangwa. Lakini usiku wa siku ya kwanza ulipita watu wakiwa wamekaa kwenye kilio bila kujua kama wataongeza siku, na morgi haingojei bure.

Kuna waliosema kwamba dawa ni kuandika Kiswahili cha Tanzania kwenye matangazo yetu. Mimi ninakataa. Tangazo la kilio ni la jirani kwanza. Mama mzee akisoma "Jumatano" mlangoni, sikio lake linashika tano, na anaweza kufika vandredi kukuta watu wamekwisha kutawanyika. Siku ya tatu ibaki siku ya tatu. Kinachokosekana kando yake ni tarehe, na tarehe haina pwani wala bara. Karatasi ya kilio ingeweza kusema hivi tu, na kila mtu angepona:

"Mazishi: siku ya tatu, merkredi, tarehe 12 Novemba 2025, saa 14:00 (saa nane ya mchana), saa ya Kalemie."

Ninaongeza jambo la majina, kwa sababu nalo liliwasumbua kidogo na litasumbua wengine zaidi. Sisi tunaitwa Furaha, Mapendo, Bahati, Riziki, Zawadi. Kwenye picha, mashine haioni kwamba ni mtu. Inageuza Mapendo kuwa upendo wa kawaida, na "Mama Mapendo" anakuwa mama wa upendo, hata kama kwetu neno mama lilikuwa la heshima tu. Mkubwa wa kazi akitafuta jina hilo kwenye makaratasi ya mfanyakazi wake, halipo. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti au kadi, na kwenye tafsiri likague liwe limeandikwa kwa sauti yake, si kwa maana yake.

Na undugu uandikwe wazi. Wakubwa wa kazi wa kule wanapima ruhusa kwa ukaribu wa ndugu, na Kiarabu kinatenganisha vizuri: ndugu wa baba ni ammi, ndugu wa mama ni khali, na dada ya mama ni khala. Sisi tunasema baba mdogo, mama mkubwa, na mashine inatoa baba ambaye ni mfupi au mama ambaye ni mnene. Andika "mdogo wake baba yangu" au "dada mkubwa wa mama yangu". Najua wapo wanaopenda neno libaki baba ili siku za ruhusa ziongezeke. Siku baba mzazi atakapofariki kweli, watamwambia mkubwa wa kazi nini?

Mzigo huu siuweki juu ya aliyefiwa. Anayeandika tangazo la kilio mara nyingi ni kijana yeyote aliyekutwa na kalamu, akiambiwa aharakishe kabla watu hawajaanza kufika. Ninawaomba makatibu wa parokia na wa misikiti, mashefu wa avenyu, na wale wanaopokea komunike hapa kwenye redio, wasipokee karatasi yenye siku bila tarehe. Familia za wahami ndizo ninazoziwaza zaidi, maana jamaa zao wametawanyika, na ile karatasi ya mlangoni haiishii tena kwenye kartie. Inapigwa picha hata kabla gundi haijakauka.