TAHARIRI: Hesabu ya vifurushi iandikwe mstari kwa mstari

Imetufikia nakala ya barua ambayo mwananchi mmoja wa Songwa, mwenye duka dogo la dawa za mifugo, aliipeleka kwa kampuni yake ya simu mwezi Julai mwaka 2025. Jina lake tunalihifadhi, na la kampuni pia, kwa kuwa shauri lenyewe halijaamuliwa. Lakini barua yake tumeisoma mara mbili, na tumeona inafaa kuzungumzwa hapa kwa ajili ya ndugu zetu wa Ukerewe, Kome na Maisome, ambao malalamiko yao juu ya vifurushi hutufikia kila mara bila ya tarakimu hata moja ndani yake.

Ndugu huyo alinunua kifurushi cha wiki cha GB 1, yaani MB 1,024 kwa hesabu ya kampuni, asubuhi ya Jumatatu tarehe 30 Juni. Jumatano jioni aliletewa ujumbe kwamba kimekwisha. Alipofungua sehemu ya matumizi ya data katika simu yake alikuta MB 398 tu. Akapiga simu huduma kwa wateja, akaambiwa maneno ambayo wengi wetu tunayajua: "Umetumia."

Mtu mwingine angeishia kulaani. Yeye alifunga duka, akaenda Shinyanga mjini na kitambulisho chake, akaomba taarifa kamili ya matumizi ya namba yake: kila safari simu ilipoingia mtandaoni, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, MB zilizokatwa na salio lililobaki. Salio tupu tunalolisoma katika menyu ya simu si ushahidi wa jambo lolote. Ni jumla isiyo na maelezo. Taarifa ya mstari kwa mstari ndiyo inayoweza kubishaniwa.

Kisha akafanya jambo ambalo tunamsifu kwalo: alianza kwa kujikagua mwenyewe. Aligundua kwamba kaunta ya simu yake hujifuta kila tarehe mosi. Kwa hiyo zile MB 398 zilikuwa za Julai peke yake, na matumizi ya tarehe 30 Juni yalibaki katika ukurasa wa mwezi uliopita. Huko alikuta MB 383, na ndani yake MB 170 zilizotumiwa na mpwa wake aliyegawiwa mtandao kutoka katika simu hiyo. Jumla ya haki ikawa MB 781. Madai yaliyoanza kama MB 626 yakapungua hadi MB 243. Twaamini barua nyingi hutupwa na makampuni kwa sababu mwandishi hakupita njia hii, na karani wa kampuni akiona kosa moja upande wa mteja huhesabu kuwa yote ni makosa.

Sasa aliirudia taarifa ya kampuni. Tarehe 1 Julai aliona mistari miwili inayofanana kama mapacha: kuanza saa 2:14 usiku, kumaliza saa 3:02 usiku, MB 226, na chini yake tena saa 2:14 hadi saa 3:02, MB 226. Hilo si la ajabu kwa wanaoijua mitambo hii. Mtambo wa mtandao hupeleka taarifa ya matumizi kwa mtambo wa hesabu, na usipopata jibu kwa wakati huipeleka tena. Mtambo wa hesabu unapaswa kuitambua ile ya pili kuwa ni marudio na kuitupa. Ukishindwa, mteja hukatwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Ushahidi wa pili aliupata katika ujumbe aliokuwa hajaufuta. Wasomaji watakumbuka kwamba bei mpya za vifurushi zilipoanza tarehe 2 Aprili 2021 wananchi walipiga kelele na Serikali ikazisitisha. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za wakati huo zilitaka mteja ajulishwe kifurushi kinapotumika asilimia 75 na kinapokwisha. Ujumbe wa asilimia 75 ulimfikia ndugu yetu usiku ule ule, dakika chache baada ya saa 3:02. Asilimia 75 ya kifurushi chake ni MB 768. Ukiufuta mstari wa pili, jumla ya taarifa ya kampuni yenyewe kufikia saa ile haifiki MB 720. Ujumbe ule ulikuja kabla ya wakati wake.

Sehemu muhimu ya barua yake ni fupi, nasi tunaichapa kama ilivyo:

"Ndugu Meneja, YAH: KUKATWA MB 226 MARA MBILI. Taarifa mliyonipa inaonyesha mistari miwili ya tarehe 1 Julai yenye saa zile zile na kiasi kile kile. Simu yangu ni moja na laini ni moja. Haiwezi kufanya safari mbili kwa dakika zile zile. Kati ya MB 1,024 mlizokata, simu yangu inaonyesha 781. Nadai MB 226. Zile 17 zinazobaki sizidai, maana najua mtandao huhesabu hata mafurushi yaliyotumwa yasifike kwenye simu. Naomba mnieleze kwa maandishi kama mstari wa pili ni matumizi au ni marudio, na mnirudishie kiasi hicho kikiwa na muda mpya wa kutumika. Nimeambatisha taarifa yenu, picha za kioo cha simu na ujumbe wa asilimia 75."

Tunaupenda uungwana wa zile MB 17. Tunapenda pia kwamba hakudai mistari ya saa tisa za usiku, ambayo wengi huiona kuwa ni wizi wa dhahiri. Simu iliyolala kando ya mto huweza kujisasishia programu zake bila ya kumwamsha mwenyewe.

Siku 30 zilipita naye akapata ujumbe mmoja tu, kwamba suala lake linashughulikiwa. Utaratibu ni kwamba mlalamikaji huanza kwa kampuni. Asiporidhika au asipojibiwa, hupeleka shauri TCRA, ambayo kwa wakazi wa kanda hii ina ofisi Mwanza. Huko ndiko barua ilikoelekea, pamoja na viambatisho vyake vyote.

Hapa ndipo tunapowageukia viongozi. Mtu wa Songwa alikwenda Shinyanga na kurudi siku ile ile. Mtu wa Maisome anayetaka karatasi hiyo hiyo atapanda chombo, atalipa nauli, pengine atalala bara, kwa ajili ya kifurushi chenye thamani ndogo kuliko tiketi yake. Tena ufukweni mtandao hukatika na kurudi, na kila unaporudi mstari mpya huandikwa, hata taarifa ya wiki moja ikawa ndefu mno na mistari pacha ikajificha humo. Kwa hiyo tunaitaka Mamlaka izilazimishe kampuni kumpelekea mteja taarifa hiyo kwenye simu yake, bila malipo na bila kukatwa kifurushi, ndani ya siku chache tangu aiombe. Na iwe na saa, kiasi na salio kwa kila mstari.

Wakaguzi wa Mamlaka nao waziombe kampuni zionyeshe ni taarifa ngapi za marudio zilizotupwa na mitambo yao kila mwezi, na ngapi zilipita.