Hotuba ya Kufungua Siku ya Ubunifu

Tunapofungua siku ya ubunifu katika shule ya Handeni au Korogwe, hatuna budi kuwahimiza wanafunzi watoe mawazo mengi kabla ya kulipima hata moja. Hotuba pekee haitoshi. Tuchukue swali ambalo Handeni inalijua mno: maji ya mvua tuyahifadhije shuleni? Wa kwanza akisema "pipa", nasi tukajibu "vizuri sana", watakaofuata watataja ndoo, mtungi na tangi. Sifa nayo ni hukumu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1958, ulionyesha kwamba watu wanne wakifikiri kila mmoja peke yake, jumla ya mawazo yao huyazidi ya kundi la wanne. Basi kwanza waandike kimya kwa dakika tano, ndipo mwalimu ayanakili yote ubaoni, hata yale ya kuchekesha. Uchaguzi ungoje baada ya mapumziko.