Supu haitamponya beshte yako kama bado mnampelekea fegi

Wasee, leo nitawakosea. Na naanza na sisi wenyewe wa Mweiga.

Mwaka jana mwezi wa tano beshte yangu aligongwa akiwa kwenye nduthi, hapo barabara ya kwenda Nyeri. Muundi ulivunjika na mfupa ukatoboa ngozi. Akafanyiwa upasuaji, akawekwa chuma ndani, akarudishwa nyumbani na magongo mawili. Sisi kama marafiki wazuri tukaanza kumtembelea. Mkono mmoja flaski ya supu ya mifupa, mfukoni pakiti ya fegi. "Buda, vuta moja upunguze mawazo." Mimi pia nilikuwepo. Sivuti, lakini nilitumwa dukani na nikaenda.

Mwezi wa tisa akarudi kwa eksirei. Miezi minne imeisha, na mstari wa pale palipovunjika bado unaonekana wazi kama siku ya kwanza. Akikanyaga, bado anaumwa palepale. Daktari hakuuliza kuhusu supu. Aliuliza swali moja tu: "Unavuta?" Beshte akasema, "Kidogo tu, tano kwa siku."

Mathe yake aliposikia alishtuka. "Lakini daktari, supu anakunywa kila siku!"

Hapo ndipo kuna shida yetu. Tunaamini mfupa unajengwa na mfupa, kwa hivyo ukichemsha mfupa wa ng'ombe, ile nguvu inahamia kwenye sufuria. Haihamii. Kalsiamu imejifunga kwenye mfupa na maji ya moto hayaitoi kirahisi. Ndiyo maana ukimaliza kuchemsha siku nzima, ule mfupa bado ni mgumu na mbwa bado anautaka. Kinachobaki kwenye flaski ni maji, mafuta, chumvi na protini kidogo. Kikombe cha maziwa kina kalsiamu karibu miligramu 300. Supu haifiki hata karibu. Kunywa supu kama unaipenda, kuna baridi huku, lakini usiiite dawa.

Na sasa fegi. Mfupa ukivunjika, damu inaganda pale, halafu mwili unatengeneza kitu laini kama gundi kuunganisha ncha mbili. Baada ya wiki kadhaa hiyo gundi inajazwa madini na kuwa ngumu. Kazi yote hiyo inafanywa na seli, na seli zinataka damu na oksijeni. Muundi tayari una bahati mbaya, kwa sababu upande wa mbele umefunikwa na ngozi tu. Jiguse uone. Hakuna nyama nyingi ya kuuletea damu.

Ukivuta, nikotini inabana mishipa midogo ya damu. Moshi nao una kaboni monoksaidi, ambayo inakalia nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kwa hivyo damu inayofika ni kidogo, na hata hiyo kidogo imebeba oksijeni pungufu. Ni kama fundi anajenga nyumba, wewe umemfungia barabara ya lori la simiti, halafu unamletea chai umwambie "kaza buda".

Si stori ya kutishana. Mwaka 2005 watafiti Marekani walitoa matokeo ya watu waliovunjika muundi kama beshte yangu, mfupa ukiwa umetoboa ngozi. Waliokuwa wakivuta, uwezekano wa mfupa wao kushikana ulikuwa chini kwa asilimia 37 kuliko wasiovuta. Maambukizi yakawapata zaidi ya mara mbili. Na hii iwaingie nyinyi wa miaka 17 mnaosema mtaacha baadaye: hata waliokuwa wameacha kabla ya ajali walikuwa chini kwa asilimia 32. Kuacha kunasaidia, lakini si sawa na kutowahi kuanza.

Najua komenti zinakuja. "Mjomba alivuta na mguu ukapona." Ndiyo, wengi wanaovuta hupona. Wanachelewa tu, na wachache wanabaki na mfupa usioshikana, wanarudi kupasuliwa tena. Wewe unajua uko kundi gani? "Mimi nimehamia veipu." Moshi umepungua, nikotini iko palepale, na vile vifuko vya kuweka chini ya mdomo ni nikotini tupu. Kama umeshindwa kabisa kuacha, mwambie daktari akusaidie. Kuna gamu na plasta za nikotini ambazo angalau hazina kaboni monoksaidi. Hiyo kaboni yenyewe inatoka kwenye damu ndani ya siku moja au mbili ukiacha. Siku mbili tu, manze.

Sasa chakula, kwa sababu mathe ya beshte aliniuliza, "Basi nimpe nini, mwanangu?" Kwanza protini, maana mfupa si chokaa tupu. Ndani kuna nyuzi za protini, na madini yanashika juu ya hizo nyuzi. Mtu wa kilo 60 anayepona anahitaji gramu kama 70 hivi kwa siku. Beshte alikuwa anakula ugali na supu, hapati hata nusu.

Tulihesabu hivi. Asubuhi mayai mawili, gramu 12. Maziwa nusu lita kwa siku, gramu 16. Mchana githeri ambayo maharagwe yamezidi mahindi, sahani kubwa, gramu 20 na kitu. Jioni ugali na omena, hapo unapita 70 bila kununua nyama. Kalsiamu nayo mtu mzima anataka miligramu kama 1,000 kwa siku. Yale maziwa yanampa 600, na omena inaliwa na mifupa yake, hapo ndipo mfupa unaliwa kwa faida. Ongeza sukuma wiki. Spinachi ni tamu, lakini ina kitu kinachoshikilia kalsiamu yake isiingie mwilini, kwa hivyo usiitegemee.

Na hapa nitawauma wazazi kidogo. Nyumba nyingi za huku zina ng'ombe. Asubuhi maziwa yote yanaenda kuuzwa, halafu mgonjwa anapewa strungi. Mathe, bakisha nusu lita.

Vitamini D ndiyo inayoingiza hiyo kalsiamu mwilini kutoka tumboni, na sehemu kubwa tunaitengeneza kwa jua kwenye ngozi. Tuko karibu na ikweta, jua lipo. Lakini mwezi wa saba ukungu wa Aberdare unashuka, na beshte alikuwa amelala ndani miezi miwili, hudi hadi machoni. Jua la dirishani halisaidii, kioo kinazuia ile miale inayotakiwa. Mtoeni nje karibu na saa sita, mikono na mguu mzima wazi, wakati kivuli chake ni kifupi kumliko yeye. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi, kwa hivyo dakika tano hazitoshi.

Beshte aliacha fegi mwezi wa tisa. Eksirei ya mwezi wa kumi na mbili ilionyesha ule mstari umeanza kujaa. Sitawadanganya ati ni kuacha peke yake. Alikula vizuri, alipata jua, na muda ulipita. Lakini tulipoteza miezi minne tukimpenda vibaya.

Kwa hivyo ukienda kumwona mtu mwenye plasta wikendi hii, beba trei ya mayai. Na akikutuma fegi, kataa. Akikasirika, akasirike. Hasira itapona haraka kuliko muundi.